Mashine ya zamani ibaki au iuzwe? Namna ya kupiga hesabu ya kubadilisha, pamoja na kodi ya siku ya kuiuza

Nimekaa kwenye vikao vingi vya kujadili kama mashine ya zamani ibadilishwe, na mara nyingi kikao kinakwama sehemu ile ile. Mtu anafungua vitabu anasema hii mashine bado ina thamani ya milioni 20, sokoni wanatupa milioni 14 tu, tukiiuza leo tunakula hasara ya milioni 6, basi hapo watu wote wananyamaza na mashine inabaki miaka mingine minne inakula umeme na vipuri. Inaniuma kwa sababu ile hasara ya milioni 6 sio pesa inayotoka mfukoni, na ukiiangalia vizuri upande wa kodi ndo inayokuletea pesa kidogo. Kwa hiyo nataka tuipitie hesabu yote taratibu kwa mfano mmoja, namba ziwe ndogo ili mtu aweze kufuata na kalamu.

Tuseme ni mashine ya kufungashia bidhaa. Ilinunuliwa miaka minne iliyopita kwa milioni 40, ikapangiwa kuchakaa kwa miaka minane kwa kiasi sawa kila mwaka, yani milioni 5 kwa mwaka, ndo maana leo vitabuni imebaki 20. Ikitunzwa itafika miaka mingine minne alafu basi, na siku hiyo mtu wa vyuma chakavu atatoa milioni 2. Gharama zake za kuendesha (umeme, mafundi, vipuri, malighafi inayoharibika) ni milioni 30 kwa mwaka.

Mpya inauzwa milioni 46, kuileta na kuifunga ni 4, jumla 50. Itachakaa kwa miaka mitano, milioni 10 kila mwaka. Kuiendesha ni milioni 18 kwa mwaka, na tunaamini baada ya miaka minne tunaweza kuiuza milioni 15. Kodi ya faida ya biashara tuiweke asilimia 30, na pesa yetu tunaitaka izae angalau asilimia 12 kwa mwaka baada ya kodi. Nachukulia pia kwamba sheria ya kodi inakubali uchakavu huo huo ulioko kwenye vitabu, nitarudi kwenye hilo baadaye mana ndo linawaangusha wengi.

Hatua ya 1: uliza swali moja tu

Swali ni hili: nikibadilisha, pesa gani itabadilika ukilinganisha na nisipobadilisha? Kitu ambacho kitakuwepo vilevile pande zote mbili unakiacha nje. Mauzo kama hayabadiliki, nje. Kodi ya jengo, nje. Mshahara wa msimamizi ambaye atakuwepo tu hata iweje, nje. Ile milioni 40 ya miaka minne iliyopita nayo nje kabisa, hiyo ilishatoka, hakuna uamuzi wa leo unaoweza kuirudisha. Wahasibu wanaiita gharama iliyozama na ni jina zuri, kitu kilichozama huendi kukihesabia tena kwenye boti.

Riba ya mkopo pia usiiweke kwenye mitiririko ya pesa. Hapa watu wanabisha sana, wanasema lakini benki nitailipa kweli! Sawa utailipa, ila ile asilimia 12 ndo imeshabeba gharama ya pesa, iwe ya benki au ya wenye mali, ukitoa riba tena utakuwa umelipia pesa ile ile mara mbili na karibu kila mashine mpya itaonekana mbaya.

Hatua ya 2: pesa ya leo, na hapa ndo kodi ya kuuza inapoingia

Kununua na kufunga inatoka 50. Kuiuza ya zamani inaingia 14. Sasa kodi: linganisha bei ya kuuzia na thamani iliyobaki kwa ajili ya kodi. Umeuza 14, iliyobaki ni 20, una hasara ya 6. Hasara hiyo inapunguza faida utakayolipia kodi mwaka huu kwa milioni 6, kwa hiyo kodi yako inapungua kwa asilimia 30 ya 6, ambayo ni 1.8. Ukweli ni kwamba kuiuza kunakuachia 14 + 1.8 = 15.8.

Ingekuwa kinyume, tuseme mteja ametoa 26, hapo ungekuwa na faida ya 6 juu ya thamani ya kodi na ungetozwa 1.8, unabaki na 24.2. Angalia vizuri kitu kinachotozwa kodi, sio ile 26 yote, ni ile ziada ya 6. Nimeona watu wanakata asilimia 30 ya bei yote ya kuuzia na wengine hawakati chochote, na makosa yote mawili ni ya kawaida tu.

Mantiki yake ni rahisi. Uchakavu uliodai huko nyuma ulikuwa ni makisio ya jinsi mashine inavyopungua thamani. Siku ya kuuza makisio yanakutana na ukweli. Ikiwa ulidai uchakavu mwingi kuliko thamani iliyopungua kweli, mamlaka ya kodi inarudisha chake, na ikiwa ulidai kidogo unaruhusiwa kumalizia kudai.

Kwa hiyo leo inatoka: 50 − 15.8 = 34.2. Hii ndo bei halisi ya kubadilisha, sio 50.

Hatua ya 3: pesa ya kila mwaka

Gharama za kuendesha zinashuka kutoka 30 hadi 18, tunaokoa 12. Ila ukiokoa gharama faida inapanda, na faida ikipanda kodi inapanda, kwa hiyo kwenye 12 mwenye kodi anachukua 3.6 unabaki na 8.4.

Alafu uchakavu. Uchakavu wenyewe sio pesa, hakuna mtu unayemlipa uchakavu, lakini unapunguza kodi na kodi ni pesa. Mpya inakupa uchakavu wa 10 kwa mwaka, lakini ukiiuza ya zamani unapoteza ule wa 5 ambao ungeendelea kuudai kwa miaka minne. Ongezeko ni 5 tu, na nafuu yake ya kodi ni asilimia 30 ya 5 = 1.5.

Jumla ya mwaka: 8.4 + 1.5 = 9.9.

Naomba usimame kidogo hapa, kwa sababu kosa la kusahau ule uchakavu wa zamani ni kubwa kwenye hesabu hii na halionekani kwa macho. Ukiusahau utaandika nafuu ya 3 badala ya 1.5, kila mwaka utaonyesha 11.4, na jibu lako la mwisho litakuwa zaidi ya mara mbili ya ukweli. Tena angalia inavyojipatanisha na hatua ya 2: ile 20 iliyobaki vitabuni ukibaki na mashine unaidai kidogo kidogo, 5 kwa mwaka mara miaka minne. Ukiuza, 14 unarudishiwa na mnunuzi na 6 unaidai kwa mkupuo. Huwezi kudai hasara ya 6 leo na bado uendelee kudai 5 kila mwaka kwenye mashine ambayo huna. Mtu akikuletea hesabu, kitu cha kwanza kukitafuta ni hicho.

Hatua ya 4: pesa ya mwisho wa mwaka wa nne

Mpya itauzwa 15. Imechakaa miaka minne kati ya mitano, vitabuni imebaki 10, kwa hiyo kuna faida ya 5, kodi 1.5, unabaki na 13.5.

Lakini kwa kubadilisha umepoteza ile 2 ya vyuma chakavu ambayo ungeipata siku hiyo hiyo. Ile ingekuwa faida yote kwa kuwa vitabuni ingekuwa sifuri, kodi 0.6, ungebaki na 1.4. Tofauti ni 13.5 − 1.4 = 12.1. Watu wanakumbuka kuuza ya zamani leo, ila wanasahau kwamba ukiiuza leo huwezi kuiuza tena baada ya miaka minne!

Kama mashine mpya inakulazimisha kuweka stoo vipuri vingi zaidi au malighafi ya aina nyingine, pesa hiyo iandike inatoka leo na inarudi mwisho, bila kodi. Kwenye mfano wetu haipo.

Hatua ya 5: zilete zote kwenye leo

Pesa ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo tunaigawanya kwa 1.12 kwa kila mwaka wa kuisubiri. Mstari wetu unakuwa hivi, kwa milioni:

```
Mwaka     0      1     2     3     4
Pesa   -34.2   9.9   9.9   9.9  22.0
```

Ile 22.0 ni 9.9 ya mwaka wa nne pamoja na 12.1 ya mwisho. Kwenye jedwali la kompyuta weka hizo namba kuanzia A2 hadi E2 alafu andika:

```
=A2+NPV(0.12,B2:E2)
```

Inakupa takriban 3.56. Usiweke A2 ndani ya mabano pamoja na zingine, ile fomula inahesabu namba ya kwanza kama ya mwisho wa mwaka wa kwanza, itaipunguza hata pesa ya leo na jibu litatoka dogo kuliko inavyotakiwa, kama 3.18 hivi.

Maana ya 3.56 ni kwamba kubadilisha leo kunaiongezea biashara milioni 3.56 za thamani ya leo, baada ya kuilipa pesa yenyewe ile asilimia 12 yake. Kwa hiyo badilisha. Sasa rudi kwa yule wa kwenye kikao aliyeona hasara ya 6. Yeye angeandika leo inatoka 50, inaingia 14, na hasara inatoka 6, jumla 42, na jibu lingekuwa hasi 4.24. Uamuzi unageuka kabisa kwa sababu ya pesa ambayo haipo.

Kabla hujaiamini ile 1.8

Hapa nitakaa kidogo mana kwenye karatasi nafuu ya kodi inaonekana nyepesi lakini kwenye maisha ina masharti.

Sharti la kwanza, thamani unayolinganisha nayo ni ile ya hesabu za kodi, sio ya vitabu vya kampuni. Mara nyingi hizi ni mbili tofauti. Kampuni inaweza kuchakaza mashine miaka minane huku sheria ya kodi ikiruhusu haraka zaidi, kwa hiyo vitabuni imebaki 20 wakati kwenye jedwali la kodi imebaki 8. Ukiiuza 14 wewe unaona hasara ya 6, kumbe kwa kodi una faida ya 6 na unadaiwa 1.8. Kutoka kurudishiwa 1.8 hadi kulipa 1.8 ni tofauti ya 3.6, zaidi ya faida yetu yote ya 3.56. Tena sio hapo tu, na uchakavu uliobaki wa kudai kwenye mashine ya zamani unakuwa 8 badala ya 20, kwa hiyo unarudi hadi hatua ya 3 na kurekebisha. Muombe mhasibu jedwali la uchakavu wa kodi, usikubali kupewa rejesta ya mali peke yake.

Sharti la pili, uwe na faida ya kulipia kodi. Kama biashara iko kwenye hasara mwaka huu, hasara nyingine ya 6 haikupunguzii kodi yoyote leo, unaibeba mbele mpaka mwaka utakaopata faida kama sheria inaruhusu. Hata ukiwa na faida, nafuu inaonekana siku ya kulipa kodi na sio siku ya kuuza. Ikichelewa mwaka mmoja, 1.8 ina thamani ya 1.61 leo.

Sharti la tatu ni la nchi ambazo mali za aina moja zinawekwa kwenye kapu moja la kodi, na uchakavu unakatwa kwa asilimia ya kilichobaki kwenye kapu. Huko ukiuza mashine moja hupati hasara wala faida papo hapo, bei ya kuuzia inatolewa kwenye kapu na kinachobaki kinaendelea kuchakaa taratibu. Kwa mfano wetu ile 6 ingebaki kapuni, na kapu likiwa la asilimia 25 kwa mwaka, nafuu yake ingekujia vipande vipande, 0.45 mwaka wa kwanza, 0.34 wa pili, inapungua hivyo hivyo. Thamani yake ya leo ni kama 1.2 badala ya 1.8. Ukiwa kwenye mfumo wa aina hii usiandike mstari wa kodi ya kuuza kabisa, chukua gharama ya mpya utoe bei ya kuuzia ya zamani, hiyo ndo nyongeza ya kapu, na uchakavu wa ziada unaukata kwenye nyongeza hiyo.

Hatua ya 6: tafuta namba inayoweza kukuangusha

Kati ya namba zote, inayotia shaka zaidi ni ile akiba ya 12 kwa mwaka, kwa sababu mara nyingi inatoka kwenye mdomo wa anayekuuzia mashine. Kwa hiyo badala ya kubishana kama ni 12 kweli, tafuta inaweza kushuka mpaka wapi. Gawanya 3.56 kwa 3.037 (hiyo ndo thamani ya leo ya kupokea 1 kila mwaka kwa miaka minne kwa asilimia 12), unapata 1.17 kwa mwaka baada ya kodi, gawanya kwa 0.7 unapata 1.67 kabla ya kodi. Akiba ikishuka chini ya 10.3 kwa mwaka, usibadilishe.

Sasa una swali linalojibika, unaenda kwa fundi na kwenye bili za umeme za miezi 12 unauliza 10.3 inafikika au haifikiki. Hesabu na wiki za mwanzo ambapo watu wanajifunza na bidhaa nyingi zinaharibika, gharama hiyo ni ya kweli na sijawahi kuiona kwenye karatasi ya muuzaji.

Bei ya kuuza mpya mwaka wa nne nayo ni ya kukisia ila inasumbua kidogo. Hata ikiuzwa 10 badala ya 15, kiasi unachobaki nacho kinashuka kutoka 13.5 hadi 10 tu, kwa sababu kodi inabeba sehemu ya hasara yako, na thamani ya leo inapungua kama 2.2. Bado uko juu ya sifuri.

Hatua ya 7: je, tusubiri mwaka mmoja?

Swali la kikao mara nyingi sio miaka minne, ni "tusukume mwaka huu alafu tuone." Ni swali halali na lina hesabu yake.

Kusubiri mwaka kunagharimu hivi. Leo ungepata 15.8 kwa kuuza, unaiacha, na kwa asilimia 12 ingekuwa 17.7 mwisho wa mwaka. Tuseme baada ya mwaka mashine itauzwa 8, wakati huo vitabuni ni 15, hasara 7, nafuu ya kodi 2.1, unapata 10.1. Kwa hiyo kuishikilia tu kumekugharimu 7.6. Kuiendesha ni 30, baada ya kodi 21, toa nafuu ya uchakavu 1.5, inabaki 19.5. Jumla ya mwaka mmoja wa ziada: 27.1.

Sasa mpya kwa wastani wa mwaka. Chukua gharama zake zote kwa miaka minne: 50 ya leo, kuendesha baada ya kodi 12.6 kutoa nafuu ya 3 ni 9.6 kila mwaka, na mwisho inarudi 13.5. Thamani ya leo ya vyote ni 70.58, gawanya kwa 3.037 unapata kama 23.2 kwa mwaka.

27.1 dhidi ya 23.2, kusubiri ni ghali kwa karibu milioni 4. Kinachoamua hapa ni jinsi bei ya mtumba inavyoporomoka, kutoka 14 hadi 8 ndani ya mwaka. Kama mashine yako ilishafika mahali bei imelala, leo ni 3 na mwakani ni 2.5, kuishikilia hakugharimu karibu chochote na mzani unaweza kuelemea kwenye kusubiri hata kama inakula umeme. Kwa hiyo kabla ya kikao pata bei mbili kwa maandishi kutoka kwa mnunuzi wa mashine za mtumba, ya mashine yako ilivyo leo, na ya mashine kama yako iliyoizidi umri kwa mwaka mmoja.